Polarimeta inanipunja: nimepima gramu 10 za sukari, chombo kinasema 8.9

#1 Mpimaji_Mpya

Habari za jioni wakuu. Nina polarimeta ya mkono, chombo cha kupima sukari inazungusha mwanga digrii ngapi, ile ya taa ya sodiamu ambayo unachungulia kwenye kijidarubini huku ukizungusha gurudumu. Nilipima gramu 10.00 za sukrosi safi, nikaziyeyusha kwa maji yaliyokenekwa ndani ya flaski ya ujazo ya mililita 100, nikajaza hadi alama na kutikisa vizuri. Myeyusho huo nikautia kwenye mrija wa desimita 2.

Mzunguko mahususi wa sukrosi ni +66.5, mrija ni 2, ukolezi ni gramu 0.100 kwa mililita. Kwa hiyo:

α = 66.5 × 2 × 0.100 = 13.3

Nilitegemea digrii 13.3. Nimesoma mara tano, wastani ni 11.80. Nikirudisha hesabu nyuma, chombo kinadai nina gramu 8.87 tu ndani ya flaski. Gramu moja na ushee imekwenda wapi? Mizani nimeikagua, haina shida.

Jambo moja: chumba kina nyuzi 27 na jedwali langu ni la nyuzi 20. Nashuku joto. Nani ana kanuni ya kusahihisha?

#2 Karani_wa_Vipimo

Ni joto hilo, usihangaike. Joto likipanda, sukari inazungusha mwanga pungufu kuliko inavyotakiwa. Zamani tulikuwa tunasahihisha kwa asilimia 1.5 kwa kila nyuzi inayozidi 20. Wewe umezidi kwa nyuzi 7, hiyo ni asilimia 10.5. Pandisha 11.80 kwa kiasi hicho unapata 13.04. Kilichobaki ni jicho lako tu, utazoea.

#3 Mpimaji_Mpya

Ahsante sana mkuu! Basi naandika 13.04 kwenye daftari na maelezo ya joto pembeni.

#4 Bi_Nusukivuli

Mwanangu, usiandike kitu kwanza. Kalamu weka chini.

Kanuni ya Karani si ya kubuni, naijua vizuri. Ila ni ya sukari nyingine. Asilimia 1.5 kwa kila nyuzi ni ya sukari iliyogeuzwa, yaani mchanganyiko wa glukosi na fruktosi unaobaki sukrosi ikishakatwa vipande viwili. Fruktosi ndiyo yenye kigeugeu kwenye joto. Sukrosi yenyewe ni mtulivu mno. Ukijumlisha mambo yote, yaani molekuli zenyewe kuzungusha kidogo zaidi au pungufu na maji kutanuka, sukrosi haifiki hata asilimia 0.05 kwa kila nyuzi.

Fanya hesabu: nyuzi 7 mara 0.05 ni asilimia 0.35. Kwenye digrii 13.3 hiyo ni takriban 0.05. Venia ya chombo chako imegawanywa kwa 0.05, sivyo? Basi joto lote la chumba chako ni mstari mmoja wa venia. Wewe umepoteza mistari 30. Joto halikuiba sukari hiyo.

Tena kwako hata huo mstari mmoja haukamiliki. Ulijaza flaski ndani ya chumba hicho hicho chenye nyuzi 27, kwa hiyo gramu kwa mililita ulizonazo ni za nyuzi 27 tayari. Kutanuka kwa maji kungekuumiza kama ungejaza hadi alama kwenye nyuzi 20 halafu ukasoma kwenye 27.

Naomba mambo mawili. Kwanza, una mrija wa desimita 1? Jaza myeyusho ule ule usome, utuletee namba kama ilivyo bila kuirekebisha. Pili, myeyusho uliutengeneza lini?

#5 Jicho_Moja

Kabla ya yote hayo, vipi vifuniko vya mrija? Watu wanapenda kukaza kile kifuniko cha skrubu kama wanafunga gurudumu la lori. Kioo kidogo cha mwisho kikibanwa kinapata mkazo, na kioo chenye mkazo kinachezea mwanga uliopolarishwa chenyewe, hata kama mrija una maji matupu. Kaza kwa vidole viwili, ukiona hauvuji inatosha.

Halafu kiputo. Mrija wenye uvimbe shingoni umewekwa uvimbe kwa ajili ya kiputo. Uulaze mrija, kiputo kipande kwenye uvimbe, njia ya mwanga ibaki wazi. Nimeona mtu anasoma kupitia kiputo nusu saa nzima na kulalamika kwamba taa ni mbovu.

Naamini tatizo lako ni kiputo. Kinafupisha mrija, ndiyo maana digrii zimepungua.

#6 Msomaji_Tu

Samahani kuingilia. Mimi nina kisukari na nimechoka kujichoma kidole. Hiki chombo kinaweza kupima sukari ya damu? Kinauzwa kwa watu binafsi?

#7 Bi_Nusukivuli

Msomaji, pole kwa vidole. Hapana, endelea na kipimo chako cha hospitali. Damu ya mtu mzima wa afya ina glukosi kama gramu 1 hivi kwa lita. Tia kwenye hesabu, glukosi ni +52.7: hata kwa mrija wa desimita 2 unapata digrii 0.1, yaani mistari miwili ya venia. Na damu haipitishi mwanga, na protini zake nazo zinazungusha mwanga kwa upande wao. Kwenye mkojo wa mwenye kisukari, ambako sukari inaweza kuwa nyingi mara kumi au ishirini ya hapo, polarimeta ilitumika kweli miaka ya nyuma. Siku hizi kuna njia bora.

Jicho, kwenye vifuniko nakuunga mkono moja kwa moja. Kwenye kiputo nakukatalia nusu. Kiputo kidogo hakifupishi mrija kwa asilimia 12. Ili kifupishe kiasi hicho kingekuwa na urefu wa sentimita 2 na ushee na kujaza mrija upana wote, na hapo asingeona chochote. Kazi ya kiputo ni kuvuruga picha: mstari unaogawa nusu mbili unapinda na huwezi kuzilinganisha. Kwa hiyo kinakupa namba zinazorukaruka. Mpimaji, namba zako tano zilikuwaje?

#8 Mpimaji_Mpya

Shikamoo mama. Tano zilikuwa 11.80, 11.75, 11.80, 11.85, 11.80. Hazirukiruki. Picha ni safi, mstari umenyooka. Vifuniko nimelegeza, hakuna kilichobadilika.

Mrija wa desimita 1 nimeupata kabatini. Umesoma 5.95. Nusu ya 11.80 ni 5.90, kwa hiyo iko sawasawa, au siyo? Urefu wa mrija si tatizo.

#9 Bi_Nusukivuli

Marahaba. Urefu wa mrija si tatizo, hapo umesema kweli. Makosa ya mrija huja kwa mruko mkubwa. Ukichukua wa desimita 1 ukadhani ni wa 2, unapata nusu. Ukiandika sentimita kwenye kanuni badala ya desimita, unakosea mara kumi. Hakuna mrija unaokula asilimia 12 kimyakimya.

Lakini 5.95 na 5.90 si sawasawa, usiiruke hiyo. Mwanga ukipita kwenye myeyusho ule ule kwa urefu mara mbili, lazima uzunguke mara mbili kamili. Hilo Biot alilionyesha tangu miaka ya 1810 na halina huruma. Sasa toa usomaji mmoja kwenye mwingine: 11.80 kutoa 5.95 ni 5.85. Hizo ndizo digrii za desimita moja ya sukari, bila kitu kingine. Mara mbili yake ni 11.70. Chombo kilikuonyesha 11.80. Ile 0.10 ya ziada ipo kwenye mrija mrefu na ipo kwenye mrija mfupi kwa kiasi kile kile, maana yake haitoki kwenye sukari. Sifuri yako imehama.

Huu ndio utamu wa kuwa na mirija miwili. Tofauti yao inafuta kosa la sifuri hata kama hukulipima. Kosa la ukolezi haifuti, wala la joto, ila la sifuri inalitoa nje.

Jaza maji yaliyokenekwa usome. Nategemea +0.10. Na hukujibu swali la pili.

#10 Mpimaji_Mpya

Mama, maji yamesoma +0.10 kamili! Nimerudia mara tatu.

Sasa nimezidi kuchanganyikiwa. Nikitoa hiyo 0.10 usomaji wangu wa kweli unakuwa 11.70. Nilikuja hapa nimepungukiwa na 1.5, sasa nimepungukiwa na 1.6. Mnanisaidia au mnanizamisha?

Myeyusho niliutengeneza siku sita zilizopita. Flaski ilikuwa imezibwa na kizibo chake, juu ya meza. Siku ile taa iliniletea shida nikaahirisha kusoma.

#11 Tone_la_Mwisho

Siku sita! Mimi yangu inabadilika kwa dakika, sijui tuko kundi moja. Natumia glukosi kavu, gramu 10 kwa mililita 100, mrija wa desimita 1. Kwa hesabu ni 5.27. Nikiyeyusha na kusoma haraka napata karibu 9.7. Nikienda kunywa chai nikarudi baada ya nusu saa ni 7.5. Kesho yake asubuhi ni 5.25. Nilishaandika barua ya kuomba taa mpya. Kumbe huenda ni joto kama la mwenzetu?

#12 Bi_Nusukivuli

Tone, barua hiyo ichane kabla haijafika. Taa yako ni nzima na wewe umeona kitu ambacho Dubrunfaut alikiona mwaka 1846. Glukosi kavu dukani karibu yote ni ya umbo moja, alfa, lenye mzunguko mahususi wa +112. Ikiingia majini inaanza kujigeuza taratibu kuwa umbo la pili, beta, ambalo ni +18.7 tu, mpaka maumbo mawili yafike mahali pa kutulia. Hapo mchanganyiko wao ni +52.7, namba iliyo kwenye jedwali lako. Usomaji wako wa mwanzo ulikuwa sahihi, wa nusu saa ulikuwa sahihi, wa asubuhi ulikuwa sahihi. Jedwali ndilo lililokuwa linakusubiri. Kama huna subira ya usiku kucha, tia tone moja la amonia kwenye flaski kabla hujajaza hadi alama. Besi inaharakisha mgeuko huo na baada ya dakika chache namba inatulia.

Sukrosi haina tabia hiyo, ile fundo yake imefungwa. Kwa hiyo siku sita za Mpimaji ni habari nyingine.

Mpimaji, punguza presha. Ulikuja na namba mbaya yenye makosa mawili, mojawapo likificha lingine kidogo. Sasa limebaki moja. Tengeneza myeyusho mpya leo, gramu 10.00 ile ile, flaski iliyosuuzwa vizuri, mrija ule ule, chumba kile kile. Soma mpya na wa zamani mmoja baada ya mwingine. Uangalie na hili: kwenye gurudumu kuna mahali pawili ambapo nusu zote mbili zinalingana, pa kwanza penye giza na pa pili penye mwanga mwingi. Pa kusomea ni pale penye giza, ukigusa kidogo tu nusu moja inang'aa. Pale penye mwanga unaweza kusogeza digrii kadhaa na jicho lisitambue.

#13 Mpimaji_Mpya

Nimesoma kwenye giza, kama siku zote.

Mpya: 13.35, ukitoa sifuri ni 13.25.
Wa zamani: 11.80, ukitoa sifuri ni 11.70.

Kwa hiyo chombo ni kizima! 13.25 kwa 13.3 sina ugomvi nayo. Sukari imepotea ndani ya flaski iliyofungwa. Na sasa nikiutazama myeyusho wa zamani dhidi ya mwanga, si angavu kama mpya. Kuna ukungu mwembamba sana.

#14 Bi_Nusukivuli

Huo ukungu ndio niliokuwa nausubiri.

Sukari si lazima iwe imepotea. Polarimeta haihesabu gramu, inahesabu mzunguko, na wewe ndiye unayegeuza mzunguko kuwa gramu kwa kuamini kwamba kilichomo ni sukrosi tupu. Ikikatwa, kila gramu 10 za sukrosi zinachukua maji kidogo na kuwa gramu 10.53 za glukosi na fruktosi nusu kwa nusu. Glukosi inavuta kulia +52.7, fruktosi inavuta kushoto kwa nguvu zaidi, karibu −92. Wastani wao ni kama −20 kwenye nyuzi 20. Ndiyo maana inaitwa sukari iliyogeuzwa: mwanga uliokuwa unakwenda kulia unageuka kushoto.

Sasa tuutumie chumba chako. Hapa ndipo joto linapoingia kwa haki yake, na hapa ndipo kanuni ya Karani inapokaa. Ile −20 inasogea kuelekea sifuri kwa kama 0.3 kila nyuzi moja. Kwenye 27 inakuwa karibu −17.9. Kama sukari yako yote ingegeuka, ungesoma:

−17.9 × 2 × 0.1053 = −3.77

Kwa hiyo kutoka myeyusho mzima hadi uliogeuka wote ni safari ya 13.25 + 3.77, yaani digrii 17.02. Wewe umeteremka kutoka 13.25 hadi 11.70, digrii 1.55. Gawanya: asilimia 9. Kama ni kugeuka tu, sukrosi kama gramu 0.9 imekatwa, na jumla ya sukari kwenye flaski haijapungua hata chembe.

Angalia pia hili. Kama ungetumia −20 ya jedwali bila kujali joto, jibu lingekuwa asilimia 8.9. Hakuna tofauti ya kukosesha usingizi, kwa sababu kilichogeuka ni kidogo. Lakini mtu mwenye sampuli iliyogeuka yote, akisoma kwenye 27 na kutumia namba ya 20, anakosea zaidi ya asilimia 10. Asali, kwa mfano, usiisome bila kipimajoto pembeni.

#15 Karani_wa_Vipimo

Kumbe sikuwa nimepotea sana, nilikuwa tu mtaa wa jirani. Nakubali, sisi tulikuwa tunasoma sukari baada ya kuichemsha na asidi. Nilisahau hatua hiyo.

Basi na mimi nasema ni asidi. Flaski ilikuwa na asidi ya hidrokloriki kabla, haikusuuzwa. Asidi ndiyo inayokata sukrosi.

#16 Bi_Nusukivuli

Inawezekana, na ni rahisi kujua. Mpimaji, chovya karatasi ya pH. Ili asidi pekee ikate asilimia 9 kwa siku sita kwenye joto la chumba, pH ingebidi iwe chini ya 3. Ikiwa 5 au 6, asidi hiyo haiwezi kufanya kazi ambayo polarimeta ingeiona kwa siku hizo.

Mimi nashuku hamira au vijidudu vingine. Vina kimeng'enya kinachokata sukrosi bila kuhitaji asidi, na ukungu ndio wao wenyewe. Fanya na kipimo cha Benedikti kwa myeyusho wote miwili. Sukrosi nzima inabaki bluu, glukosi na fruktosi zinageuza rangi.

#17 Mpimaji_Mpya

pH ya zamani iko kati ya 5 na 6. Benedikti: mpya umebaki bluu, wa zamani umekuwa rangi ya chungwa ndani ya dakika mbili. Nimepiga na picha lakini simu yangu inafanya kila kitu kiwe cha njano.

Kwa hiyo ni vijidudu, sukari imegeuka asilimia 9, kesi imekwisha?

#18 Jicho_Moja

Haijaisha hata kidogo. Vijidudu vinakata sukari ili viile, siyo kwa hisani. Sehemu ya glukosi na fruktosi itakuwa imeshaliwa. Mama amesema "kama ni kugeuka tu". Na kama si kugeuka tu?

Chukua upande wa pili kabisa: tuseme kila kilichokatwa kimeliwa chote. Basi sukrosi iliyobaki ni 11.70 kwa 13.25, maana yake asilimia 11.7 imekwenda, gramu 1.17, na imekwenda moja kwa moja. Hadithi mbili tofauti, usomaji mmoja wa 11.70. Kwa polarimeta peke yake huwezi kuzitenganisha.

#19 Bi_Nusukivuli

Jicho kaongea. Hata Benedikti haisaidii hapo, inasema kuna glukosi na fruktosi, haisemi ni kiasi gani kimeliwa. Una refraktometa? Hata ile ndogo ya kushika mkononi. Kugeuka kwa sukari hakuitikisi sana Briksi, yaani namba ya sukari ambayo refraktometa inaonyesha; ikibadilika inapanda kidogo. Kuliwa kunaishusha, ingawa kilevi kinachotokea kinarudisha sehemu, kwa hiyo haishuki yote.

#20 Mpimaji_Mpya

Ninayo. Mpya 9.6, wa zamani 9.4. Lakini mistari yake ni ya 0.2, kwa hiyo huo ni mstari mmoja tu.

#21 Jicho_Moja

Gramu 1.17 ikiliwa yote ungeshuka karibu Briksi moja, hata ukikipa kilevi haki yake usingeishia mstari mmoja. Basi imegeuka zaidi kuliko ilivyoliwa. Ni kiasi gani hasa, chombo chako hakina macho ya kuona.

#22 Tone_la_Mwisho

Swali la mjinga. Kimeng'enya kikikata sukrosi, hiyo glukosi inayotoka si itakuwa inajigeuza kama yangu? Kwa hiyo namba ya zamani nayo inatembea?

#23 Bi_Nusukivuli

Si swali la mjinga, ni swali zuri kuliko yote ya leo. Inatoka ikiwa alfa, ile ya +112, na inahitaji muda kutulia. Kwa hiyo ukisoma wakati ukataji unaendelea, sehemu mpya inavuta kulia kupita kiasi na unaona kama ukataji ni mdogo kuliko ulivyo. Kwa ukataji wa polepole wa siku sita, sehemu iliyokatwa saa chache zilizopita ni ndogo, kosa lake halizidi venia. Lakini anayefuatilia kimeng'enya dakika kwa dakika lazima asimamishe kazi kwa besi kidogo, asubiri, ndipo asome.

Mpimaji, gawa uliobaki wa zamani mara mbili. Nusu moja ichemshe kidogo ndani ya chupa iliyofungwa isipoteze maji, iache ipoe hadi joto la chumba kabla ya kusoma. Nusu ya pili iache ilivyo. Zote mbili ziwe na ujazo ule ule na kizibo. Soma baada ya siku mbili.

#24 Mpimaji_Mpya

Nimerudi. Kwanza nilisoma ile ya kuchemsha ingali vuguvugu kwa haraka zangu, picha ikawa inacheza kama hewa juu ya jiko, nikaelewa kwa nini mama alisema ipoe. Joto lisilolingana ndani ya mrija linakunja mwanga.

Baada ya siku mbili, sifuri imeshatolewa:

Iliyochemshwa: 11.65.
Isiyochemshwa: 10.85, na ukungu umeongezeka. Kuna na harufu sasa.

Refraktometa ya isiyochemshwa ni 9.2 au 9.3, mstari uko katikati, siwezi kuapa.

#25 Karani_wa_Vipimo

Harufu ya nini, hamira au siki? Kama ni siki basi asidi yangu bado ina nafasi.

#26 Mpimaji_Mpya

Kama unga uliochachuka. Nimemwaga mkuu, flaski nimeichemsha, na myeyusho wa kesho nitausoma kesho hiyo hiyo.